Somo: Kutafuta x katika g^x = h kwa hatua za mtoto na hatua za jitu

Tunatafuta x katika mlinganyo huu, kwa moduli ya namba tasa 31:

```
3^x = 12 (mod 31)
```

Vipeo vya 3 hupitia mabaki yote 30, yaani 1 hadi 30, kabla ya kujirudia, hivyo jibu lipo kati ya 0 na 29. Ukijaribu kimoja kimoja unaweza kuhesabu mara 30. Daniel Shanks alionyesha mwaka 1971 kwamba tunaweza kuigawa safari hiyo vipande viwili vifupi.

Hatua ya 1. Chukua kipeuo cha pili cha 30, ukipandishe hadi namba nzima: m = 6. Kila x sasa inaandikika kama 6i + j, ambapo i na j zote ni kati ya 0 na 5.

Hatua ya 2, za mtoto. Zidisha kwa 3 kila mara, ukitoa 31 inapozidi, na uhifadhi jedwali:

```
j:    0  1  2  3   4   5
3^j:  1  3  9  27  19  26
```

Hatua ya 3. Jitu huruka vipeo sita kwa mpigo, tena kwa kurudi nyuma. Ukiendeleza jedwali, 3^6 = 26 × 3 = 78, baki 16. Kinyume cha 16 ni 2, kwa kuwa 16 × 2 = 32, baki 1. Kwa hiyo kuzidisha kwa 2 ni kupunguza kipeo kwa 6. Hapa ndipo penye uzuri wote wa mbinu hii.

Hatua ya 4. Anza na 12, zidisha kwa 2, kila jibu ulitafute kwenye jedwali:

```
i:  0   1   2   3
    12  24  17  3
```

Tumeipata 3, ambayo iko kwenye j = 1. Basi x = 6 × 3 + 1 = 19.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi nimepata 20. Nimekosea wapi?

Jibu: Umeanza kuhesabu j kutoka 1 badala ya 0. Hakiki: 3^20 inaacha baki 5, na 5 ni 12 × 3 baada ya kutoa 31. Baki likizidishwa kwa g moja kamili, yaani 3 yetu, kosa liko kwenye j. Ukianza i kutoka 1, utapata 25, umezidi kwa sita.

Swali: Na jitu likimaliza hatua zote bila kukutana na jedwali?

Jibu: Basi jibu halipo. Weka 2 mahali pa 3: vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8, 16, kisha 1 tena. 12 haimo, na hata uruke vipi hutaifikia.

Swali: Kinyume nakipataje namba zikiwa kubwa?

Jibu: Kokotoa g^(p-1-m), ambapo p ni namba tasa ya moduli. Kwetu ni 3^24, inayotoa 2 ileile. Kitakachokukwamisha mapema ni kumbukumbu: namba tasa ya karibu 10^12 inadai jedwali la mistari milioni moja hivi.