Kabla Hujaandika "Mwandishi Amerejelea Biblia": Mambo ya Kuzingatia

Soma kazi yote kwanza, mpaka mwisho. Kisha weka alama penye jina, msemo au tukio linaloonekana kama limetoka mahali pengine.

Halafu tafuta chanzo chenyewe, usikisie. Hapa ndipo nimeona wanafunzi wengi wakiumia. Mmoja niliyemsahihishia aliulizwa kuhusu jina la riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971). Akajibu kwamba limetoka kwenye Biblia na linaonyesha umuhimu wa dini. Kijana mwenye akili, na ameisoma riwaya, lakini alama hakupata. Jina hilo halimo katika Biblia. Limo katika Litania ya Bikira Maria, ile Wakatoliki wanayoisali baada ya rozari: "Waridi lenye fumbo, utuombee," ambalo kwa Kilatini ni Rosa Mystica. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi, aliijua vizuri.

Ukishapata chanzo, tafuta ushahidi wa pili. Mama yake Rosa anaitwa Regina, yaani Malkia, na karibu na mwisho litania hiyohiyo inamwita Maria Malkia mara nyingi mfululizo. Majina mawili ya sala moja ndani ya nyumba moja, hapo una hoja. Baba, Zakaria, ana jina la baba yake Yohane Mbatizaji, lakini Zakaria ni wengi katika vijiji vya Wakristo. Kama huna la kuonyesha zaidi ya jina, liache.

Sasa jiulize swali ambalo yule kijana hakujiuliza: je, riwaya ingeitwa jina jingine, msomaji angepoteza nini? Litania inamsifu Bikira asiye na doa. Zakaria, mlevi, anataka bintiye awe hivyo kwa fimbo. Anampiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana, na hamfundishi lolote kuhusu wanaume. Rosa anapokuwa mbali na nyumbani, hana pa kushika. Baadaye Charles, aliyetarajia kumwoa, anamwacha anapobaini kwamba si bikira, na Rosa anajiua. Basi jina la kwenye jalada linamwekea msichana wa kijijini kipimo cha Mama wa Mungu, na kila anayemhukumu Rosa anatumia kipimo hicho. Hayo ndiyo ya kuandika, ukitaja tukio lenyewe: barua, fimbo, Charles. "Linaonyesha dini" ni jibu linaloweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote.

Angalia pia msomaji wako. Asiye Mkatoliki hajui litania, kwa hiyo mweleze kwa sentensi moja au mbili, kisha rudi kwenye riwaya. Usimwandikie historia ya Kanisa. Na kwenye ushairi wa Kiislamu wa pwani fanya vivyo hivyo: ukikutana na Nabii Suleimani, soma kisa chake kabla ya kushika kalamu, na uwe mwangalifu na muhtasari unaouzwa mitaani, mwingine una makosa.