Kutoa shombo ya vibua: ndimu, siki au maziwa?

Kibandani kwangu Dar es Salaam nakaanga vibua karibu kila siku, na hakuna samaki anayelalamikiwa shombo kama huyu. Hapa nachukua kilo moja, kama vibua wanne wa wastani.

Hatua ya 1: Mkague kwanza. Funua shavu. Likiwa jekundu na jicho limejaa, endelea. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi, ni mzima. Jicho likiwa limezama, shavu la kahawia na tumbo limelegea, usihangaike na ndimu. Mtupe au mrudishe kwa muuzaji. Tena kibua na jodari wakikaa juani hutengeneza histamini, ambayo haiondolewi na siki, maziwa wala moto. Mlaji huwashwa mwili, uso unakuwa mwekundu na kichwa kinamgonga. Na kibua mwenye histamini huenda asinuke kabisa, kwa hiyo nunua aliyelala kwenye barafu.

Hatua ya 2: Toa kinachonuka. Wengi huruka hapa, kisha wanailaumu ndimu. Toa mashavu yote na matumbo. Ndani, kandokando ya uti wa mgongo, utaona mstari wa damu iliyoganda. Upasue kwa ncha ya kisu, usugue kwa kidole gumba au mswaki wa zamani mpaka mfupa uonekane. Bandua pia utando mweusi unaofunika kuta za tumbo. Suuza kwa maji baridi, kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Nusu ya shombo inaondoka hapo hapo.

Hatua ya 3: Tia asidi. Samaki wa baharini ana kitu mwilini kinachomsaidia kuhimili chumvi ya bahari, na chenyewe hakina harufu. Akishakufa, bakteria hukigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo yenyewe. Hupaa hewani upesi, ndiyo maana jirani anajua unapika nini. Ikikutana na asidi ya ndimu au siki hugeuka kuwa aina ya chumvi isiyopaa, na kisichopaa hakifiki puani.

Kwa kilo moja, kamulia ndimu mbili kubwa, tia kijiko kidogo cha chumvi, paka nje na ndani ya tumbo, uache dakika 10. Ukitumia siki nyeupe, changanya vijiko vikubwa vitatu katika lita moja ya maji, uwazamishe kwa muda huohuo. Kwa wingi wa samaki siki ni nafuu, ila ladha yake hubaki kidogo. Mimi kwa kukaanga napenda ndimu. Tumia bakuli la plastiki au udongo, maana asidi hula sufuria ya alumini.

Usizidishe muda. Siku moja nilisahau vibua kwenye ndimu zaidi ya saa nzima. Nyama ikawa nyeupe kama iliyochemshwa, na kwenye mafuta ikamong'onyoka, nikauza vipande vipande. Ukiona juu panaanza kuwa peupe, watoe.

Hatua ya 4: Mwaga, suuza. Ile chumvi niliyoitaja huyeyuka kwenye maji. Shombo haijatoweka, imefungwa tu ndani ya majimaji yaliyo chini ya bakuli, kwa hiyo usiyamimine kwenye mchuzi. Mwaga yote, pitisha maji baridi mara moja, kausha tena. Samaki mbichi mwenye maji hurusha mafuta.

Maziwa yanaingia wapi? Nayatumia kwa minofu laini ninayotaka kuipaka au kuitia kwenye mchuzi wa nazi, ambako sitaki uchachu. Protini ya maziwa, kaseini, huishika trimethilamini na kuondoka nayo. Funika minofu kwa maziwa baridi dakika 20 hadi 30 ndani ya friji, mwaga maziwa, kausha. Usichanganye na ndimu, yataganda na kuwa mabonge. Ndimu itasubiri mezani.

Kuna harufu mbili ambazo haya hayazimalizi. Sato wa bwawa anayenuka matope ana jambo lake: harufu hiyo ameivuta majini kutoka kwa vijidudu, na ndimu huipunguza tu. Kibua aliyekaa sana kwenye friza naye hunuka mafuta yaliyochacha. Huyo mchune ngozi, ukate na ule ukanda wa nyama nyeusi ubavuni, kwani mafuta mengi yamo humo.

Mikononi, anza na sabuni ya mche, suuza, kisha ndimu iwe ya mwisho. Ukianza na ndimu halafu sabuni, shombo hurudi, kwa sababu sabuni hiyo ni kinyume cha asidi na huifungua tena. Kwa sababu hiyohiyo, magadi yasikaribie samaki wako.