Esei ya jinsia na afya: linganisha na majirani wawili

Kwa mnaoandika esei za jinsia kuhusu huduma za afya, ile nadharia ya makutano ya Kimberlé Crenshaw (1989), kwamba aina mbili za ubaguzi zikikutana kwa mtu mmoja zinazaa shida ya peke yake, msiitumie kwa kujumlisha tu, eti huyu mwanamke, tena maskini, tena kiziwi, basi ana shida tatu. Chukua hatua moja tu ya huduma halafu mlinganishe mtu wako na majirani wawili, kila mmoja anafanana naye kwa kitu kimoja.

Mfano kliniki ya wajawazito, kipimo cha VVU. Mjamzito anayesikia anapimwa, majibu anaambiwa yeye mwenyewe na nesi. Mwanaume kiziwi naye hana mkalimani wa lugha ya alama, sawa, ila hapiti kliniki mimba baada ya mimba kupimwa. Sasa mjamzito kiziwi anapimwa na mkalimani hakuna, kwa hiyo anakuja na wifi yake atafsiri, na majibu yanamfikia wifi kwanza kabla ya mwenyewe, yaani siri imeshaingia ukweni. Hilo halimpati jirani yeyote kati ya wale wawili, na ndo aya yako ilipo.

Mbinu hii inagoma pale ambapo jirani mmoja anaumia vilevile, mfano dirisha la dawa wanaita majina kwa sauti, hapo kiziwi yeyote anapitwa, awe mke au mume, kwa hiyo andika ni ulemavu tu usilazimishe makutano. Na jedwali lenye safu ya jinsia peke yake na ya ulemavu peke yake halitakusaidia, tafuta mahojiano.