Kabla hujampa namba yako mtu mliyefahamiana mtandaoni

Namba ya simu si ya kupigiana tu. Kwa wengi wetu ndiyo hiyohiyo iliyosajili WhatsApp, Facebook na huduma za pesa, kwa hiyo anayeipata anaweza kuanzia hapo mpaka akafika kwenye jina lako kamili. Basi itafute wewe kwanza.

Azima simu ya mtu ambaye hujahifadhi namba yake kwenye simu yako. Ingiza namba yako humo, uitazame kwenye WhatsApp na kwenye programu ya kutambua wapigaji. Tuseme kwenye mtandao wa uchumba umejiita Neema, basi. Picha ya WhatsApp inamwonyesha mwanao akiwa na sare yenye nembo ya shule, na programu ya kutambua wapigaji inaandika "Neema Mwl Sekondari", kwa sababu kuna mtu alikuhifadhi hivyo. Mgeni ameshajua kazi yako na mahali pa kukusubiri, na hajakuuliza hata swali moja.

Anza kufunga. Kwenye WhatsApp fungua Settings, kisha Privacy, uweke Profile photo, About na Last seen kwenye My contacts. Hapa wengi hukosea: ukishaihifadhi namba yake, naye anakuwa mmoja wa hao, na picha inamfungukia. Ama usiihifadhi, ama uchague My contacts except umwondoe. Kwenye Facebook, badilisha anayeweza kukutafuta kwa namba, uache Only me. Jina kwenye huduma za pesa mara nyingi huwezi kulificha, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutumia laini nyingine, au jina la mtumiaji la Telegram huku Phone Number ikiwa Nobody.

Kisha mpigie simu ya video ndani ya programu mliyokutania, kabla ya namba. Dakika tano zinatosha kuona kama sura ni ile ya kwenye picha. Kamera ikiwa mbovu kila mara, namba isubiri. Anayekuhimiza mhamie WhatsApp siku ya kwanza tu mtilie shaka: matapeli hukimbilia huko kwa sababu akaunti zao huripotiwa na kufungwa, na mkishahama, wasimamizi wa programu hawaoni tena anachokuandikia. Piga picha za skrini za mazungumzo na wasifu wake mapema, maana akikuondoa, mara nyingi yote hupotea.

Mwisho, washa Two-step verification kwenye WhatsApp, chini ya Account, uweke namba ya siri ya tarakimu 6. Mwenye namba yako anaweza kujaribu kuisajili kwenye simu yake. Wewe utapokea ujumbe wenye msimbo, naye atakuambia umetumwa kwako kwa bahati mbaya, umsomee. Usimsomee, hata kama mmezungumza miezi. Mzuie na umripoti papo hapo.