Majani mawili na chipukizi, na malengelenge yanayolivamia

Mchumaji mzoefu wa chai wa Rungwe au Kericho hahesabu majani. Vidole vyake vinapima shina. Pale laini, shina hukatika mara moja kwa mlio mdogo. Pale gumu, hupinda na kuacha nyuzi zikining'inia. Chipukizi, yaani lile jani la juu lililojikunja kama sindano, na majani mawili yanayolifuata, kwa kawaida huishia hapo penye ulaini. Kiwango cha kiwanda kimetoka hapo.

Ila si kila kikonyo kina chipukizi linalokua. Vingine vimelala: badala ya sindano ndefu utaona kitone kidogo tu juu ya jani lililokwisha kufunguka. Hiyo ndiyo banji. Banji laini yenye jani moja inachumwa. Iliyokomaa haifai kwenye kikapu, lakini ukiiacha juu ya meza, yaani uso bapa wa juu wa mchai, itazuia machipukizi mapya, kwa hiyo ivunje na uitupe chini.

Kuupima uchumaji wako, chota konzi kutoka juu, katikati na chini ya kikapu. Usichote juu tu, maana majani mazuri yana tabia ya kupangwa juu! Changanya, pima gramu 200, kisha tenga. Tuseme umepata gramu 112 za majani mawili na chipukizi au madogo zaidi, gramu 18 za majani matatu ambayo bado ni laini, na gramu 14 za banji laini. Jumla ni 144, sawa na asilimia 72. Zilizobaki 56 ni mbovu, na hizo ndizo zinazosema kilichotokea shambani. Zikiwa nyingi ni vikonyo virefu vya majani matatu au manne yenye shina gumu, umechelewa kurudi. Zikiwa nyingi ni banji ngumu, basi mchumaji anazitia kikapuni badala ya kuzitupa, au chai imebanwa na ukame au baridi. Kumkaripia mchumaji kwa sababu ya ukame ni kumwonea.

Sasa malengelenge. Ugonjwa huu ni wa Asia. Ulijulikana Assam, India, tangu karne ya 19, na mwaka 1946 ukaingia India ya kusini na Sri Lanka, ambako hadi leo unasumbua mashamba ya milimani kama ya Nuwara Eliya wakati wa mvua na ukungu. Katika mashamba ya Afrika haujajulikana kuwepo. Unasababishwa na kuvu anayeishi kwenye chai tu, tena kwenye jani changa na shina laini: kile kile unachokwenda kuchuma. Ndiyo maana mchumaji ndiye wa kwanza kukutana nao.

Huanza kwa doa dogo la rangi ya manjano hafifu au waridi, linalopitisha mwanga ukiliinua jani juani. Doa hutanuka hadi karibu sentimita 1. Upande wa juu hubonyea na kung'aa. Upande wa chini huvimba kama lengelenge la mtu aliyeungua. Kisha uvimbe hufunikwa na unga mweupe kama mahameli. Huo unga ni vijimbegu vinavyobebwa na upepo. Mwishoni doa hukauka likawa kahawia, na huenda likaacha tundu. Likishika shina, kikonyo hupinda na kufa kuanzia hapo kwenda juu.

Geuza jani, basi. Mdudu anayefyonza majani machanga, maarufu kama mbu wa chai, naye huacha madoa mengi, lakini ni ya kahawia au meusi, tambarare, na jani hujikunja. Chini hakuna uvimbe wala unga. Jua kali huunguza eneo pana, na mvua ya mawe huchana.

Wakulima wa Sri Lanka hupulizia dawa za shaba msimu wa mvua, na hupunguza matawi ya miti ya kivuli ili umande ukauke mapema, kwani kuvu huyu hahimili jua na ukavu. Lakini raundi, yaani siku zinazopita kati ya uchumaji mmoja na mwingine, nayo ina kazi. Tangu kijimbegu kitue hadi lengelenge litoe unga huwa ni siku 11 au zaidi. Ukirudi kila siku 7 hadi 8, vikonyo vingi vilivyoambukizwa vinaondoka kabla ya kusambaza. Ukikawia hadi siku 14, unakuta majani magumu na unga mweupe kwa pamoja.

Kwetu mlango ulio wazi zaidi ni miche na vipandikizi vinavyoletwa kienyeji kutoka Asia, usivipokee. Ukiona uvimbe wenye unga chini ya jani, usilitembeze jani hilo kijijini kuwaonyesha majirani. Piga picha pande zote mbili, weka alama kwenye mstari wa chai, na umwite afisa ugani siku hiyo hiyo, naye aifikishe taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya.