Kuvundika kakao kwa sanduku: yanayotokea ndani ya mbegu siku sita kabla ya kuanika

Mbegu mbichi ya kakao haina ladha ya chokoleti. Ukishafyonza ute wake mtamu na kuitafuna, utakuta uchungu na ukakasi unaokausha ulimi. Hata ukiianika na kuikaanga kwa ustadi, harufu ya chokoleti haitatoka. Harufu hiyo hutayarishwa sandukuni, wakati wa kuvundika, na kukosea hapo hakurekebishiki baadaye.

Somo hili linafuata sanduku moja la kilo 150 za mbegu mbichi, kiasi ambacho kikundi cha wakulima wa Kyela au Mbingu kinaweza kukipata kwa siku moja ya mavuno. Shikeni jambo moja kabla hatujaanza: vijidudu haviingii ndani ya mbegu nzima. Vinakula ute ulio nje, na kazi yao inatoa kilevi, siki na joto. Hivyo vitatu ndivyo vinavyopenya ganda na kuiua mbegu. Mbegu ikishakufa, vimeng'enya vyake yenyewe ndivyo vinavyojenga ladha. Kwa hiyo mvundikaji anafuga vijidudu vya nje ili apate badiliko la ndani, na kila hatua hapa chini ina maana kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: Matunda

Vuna yaliyoiva tu. Tunda bichi lina ute mkavu wenye sukari kidogo, na vijidudu vitakosa chakula. Lililopitiliza huwa na mbegu zilizoanza kuota, na tundu la mche ni mlango wa ukungu. Lenye ugonjwa liweke kando kabisa. Ukipasua, tumia rungu au kisu butu ili usikate mbegu, kisha ondoa utambi wa katikati na vipande vya ganda.

Matunda yaliyovunwa yanaweza kukaa siku mbili au tatu kivulini kabla ya kupasuliwa. Ute hupungua kidogo na kakao haitakuwa kali sana kwa siki. Lakini zikishatoka kwenye tunda, mbegu ziingie sandukuni siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Sanduku

Sanduku la mbao lenye sentimita 60 kila upande linatosha kilo 150, nalo litajaa hadi kimo cha kama sentimita 50. Chini toboa matundu ya sentimita moja, yaachane kama sentimita 10, na uliinue juu ya matofali ili maji yachuruzike. Usitumie misumari inayogusa mbegu: siki inakula chuma na kuacha doa jeusi. Mbao zisiwe zimepakwa rangi wala dawa.

Tandika majani ya migomba chini na pembeni, ukiacha matundu wazi, jaza mbegu, kisha funika kwa majani mengine na magunia ya katani juu yake. Majani yanatunza joto, na pia yanaleta hamira za asili zinazoanzisha kazi. Nyingine zinatoka kwenye maganda, mikononi, na kwenye mbao za sanduku lililokwisha tumika. Ndiyo maana sanduku la zamani halioshwi kwa sabuni. Sugua kwa maji, anika juani, basi.

Hatua ya 3: Saa 48 za mwanzo, usiguse

Ute mpya ni mkali kwa asidi ya limao, pH yake, yaani kipimo cha ukali ambacho hushuka asidi ikizidi, ni kama 3.5, na umeshikana kiasi kwamba hewa haipiti. Mazingira hayo yanazifaa hamira, hasa *Hanseniaspora*, *Saccharomyces cerevisiae* na *Pichia kudriavzevii*. Zinageuza sukari kuwa kilevi, na baadhi zinavunja pektini inayoushikilia ute. Utaona maji meupe yakichuruzika chini ya sanduku, na harufu ni ya matunda na pombe.

Pamoja nazo wapo bakteria wa asidi laktiki, mkubwa wao akiwa *Limosilactobacillus fermentum*. Wanatumia asidi ya limao, na hivyo ukali wa ute unashuka. Joto hupanda kutoka 25 hivi hadi kati ya nyuzi 35 na 40. Ukifunua kila saa kuangalia, unapoteza joto hilo bure.

Hatua ya 4: Geuza baada ya saa 48

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ute umeyeyuka, nafasi za hewa zimefunguka, kilevi kimejaa. Sasa wanahitajika bakteria wa siki, hasa *Acetobacter pasteurianus*, nao hawafanyi kazi bila oksijeni. Wanachofanya ni hiki:

C₂H₅OH + O₂ → CH₃COOH + H₂O

Kilevi kinakuwa siki, na badiliko hilo linatoa joto jingi. Hamisha mbegu zote kwenye sanduku la pili kwa koleo la mbao, zilizokuwa pembeni na juu ziende katikati, na mabonge yavunjwe kwa mkono. Funika tena. Ndani ya saa chache joto linapanda, na siku ya tatu linatakiwa kufika nyuzi 45 hadi 50 katikati ya lundo. Harufu inageuka kutoka pombe kuwa siki ya kuchoma pua.

Mbegu inakufa hapo. Kuta za chembe zake zinapasuka, na vitu vilivyokuwa katika vyumba tofauti vinakutana. Kimeng'enya kimoja kinakata protini vipande, kingine kinamega vipande hivyo hadi kutoa asidi za amino, na kingine kinaigawa sukari ya mbegu kuwa glukosi na fruktosi. Mbegu inapokuja kukaangwa, asidi za amino, vipande vya protini na sukari hizo vinaungana kwa moto na kutoa harufu ya chokoleti. Wakati huohuo rangi ya zambarau inaanza kuvunjika, na polifenoli zinazoleta ukakasi zinashikana na protini na kupungua makali. Hewa ikiingia siku za mwisho na wakati wa kuanika, rangi inakuwa kahawia.

Kiasi cha siki kina mpaka. Ndani ya mbegu pH inaanzia kama 6.5, na inafaa iishie kati ya 5.0 na 5.5. Ikishuka haraka chini ya 4.5, vimeng'enya havipati uwiano wao, na chokoleti inatoka kali na yenye ladha hafifu. Ukigeuza kila siku unawapa bakteria wa siki hewa kupita kiasi, na hilo ndilo unalolipata.

Hatua ya 5: Geuza tena saa 96, toa siku ya tano au ya sita

Kata mbegu kadhaa kutoka katikati na pembeni. Iliyo tayari imevimba, ukiikata kwa urefu kuna majimaji ya kahawia yenye wekundu kati ya ganda na nyama, na ukingo wa nyama umeanza kuwa kahawia ingawa katikati kuna zambarau iliyofifia. Usingoje kahawia tupu sandukuni, kwa kuwa itakamilika kwenye kichanja. Joto likianza kushuka na harufu ya siki ikipungua, toa.

Mfano: siku ya tatu kipimajoto kinasoma 37

Anza na pua. Ukisikia pombe nyingi na siki kidogo, hewa haijaingia: matundu yameziba au kugeuza kumechelewa. Zibua, geuza, na joto litapanda kabla ya siku kuisha. Siki ikiwapo lakini joto liko chini, lundo ni dogo au linapoteza joto pembeni. Ongeza magunia, hamishia sanduku mahali pasipo upepo. Usiposikia pombe wala siki, tatizo lilianzia shambani: ute ulikuwa umekauka, au matunda hayakuiva. Sanduku hilo halitakuwa la daraja la kwanza, usilichanganye na jingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Ipinda: Mwalimu, shikamoo. Napata kilo 30 tu kwa wiki. Naweza kuongeza mbegu mpya kila siku mpaka sanduku lijae?

Jibu: Marahaba. Usiongeze. Za jana zitakuwa kwenye pombe, za leo kwenye ute mbichi, na ukitoa sanduku utakuwa na zilizozidi na zisizoiva pamoja. Kilo 30 hazishiki joto vizuri, kiasi cha kuanzia ni kama 50. Panga siku moja ya kupasua na majirani wawili, mpime uzito wa kila mmoja, kisha mgawane kwa uzito. Kilo 100 mbichi zinatoa kama 35 hadi 40 kavu.

Dada wa Mbingu: Nikitia hamira ya mkate si itaharakisha?

Jibu: Hamira ya mkate ni *Saccharomyces cerevisiae* hiyohiyo, kwa hiyo haitadhuru, ila ni nadra kukuta sanduku lililokosa hamira. Linalokosekana mara nyingi ni hewa siku ya pili na uzito wa kutosha. Tumia hela hiyo kununua kipimajoto kirefu.

Ndugu wa Beni: Huku wengi tunavundika ndani ya gunia la plastiki. Shida iko wapi?

Jibu: Maji hayatoki vizuri na hewa haipiti, kwa hiyo hatua ya siki inakuwa dhaifu na mbegu nyingi hazifi kwa wakati. Kama hakuna mbao, fanya lundo juu ya majani ya migomba kwenye mteremko mdogo, toboa majani ya chini, funika vizuri, geuza saa 48 na 96 vilevile.

Mkulima wa Ipinda: Nimekata mbegu 100 kavu. 12 ni kijivu, 25 zambarau, zilizobaki kahawia.

Jibu: Zitofautishe hizo mbili. Ya kijivu ni ngumu na imeshikana ndani bila mipasuko: haikuvundika kabisa, na 12 ni nyingi. Aghalabu hizo zilikaa kwenye kona na juu ya sanduku, hazikupata joto. Ukigeuza, anza na kona. Zambarau imekufa lakini haikumaliza kazi. Siku moja zaidi sandukuni inaweza kuipunguza, ila usizidishe siku ya sita au ya saba.

Dada wa Mbingu: Masika mvua haikatiki. Si bora ziendelee kukaa sandukuni mpaka jua litoke?

Jibu: Hapana dada. Kilevi na siki vikiisha, wanachukua nafasi bakteria wa jamii ya *Bacillus* na ukungu. Harufu inakuwa ya amonia, kama choo, mbegu zinakuwa nyeusi, na harufu hiyo haitoki hata kwa kukaangwa. Zitoe, zitandaze chini ya paa kwa unene wa sentimita mbili au tatu, zigeuze mara nyingi. Usizikaushe haraka kwa moto: ganda linakakamaa na siki inabaki ndani, achilia mbali moshi. Lengo ni unyevu wa asilimia 7 hivi, usizidi 8.