Doa la jani kwenye foto: angalia mishipa kwanza

Ukitumiwa foto ya jani la maharagi lenye madoa ya kahawia, tuseme kutoka shamba la Kabare karibu na Bukavu, ikuze uone doa linaishia wapi. Likiwa na kona, kana kwamba limekatwa na kisu kufuata mishipa ya jani, shuku ukungu wa madoa-pembe, unaopenda hali ya ubaridi na unyevu. Omba foto ya pili, ya upande wa chini wa jani: vinyweleo vya kijivu au vyeusi juu ya doa vinakaribia kumaliza ubishi. Doa likiwa limelowa na kuzungukwa na umanjano mpana, huenda ni bakteria, na hapo dawa ya ukungu ni hasara tupu.

Ukosefu wa maji hauchori kona. Hukausha ncha na kingo, tena majani mengi kwa pamoja. Wadudu huacha matundu, au vidoti vidogo sana vyenye utando chini.

Jani moja halitoshi. Omba pia foto ya mmea mzima. Madoa-pembe mara nyingi huanzia majani ya chini.